Mwaka mzima duka limeniongezea milioni 1.17 tu? Nisaidieni kusoma hizi hesabu

#1 MamaWawili_Moro

Wakuu habari. Nina duka la vyakula na vinywaji Kihonda, Morogoro. Vitabu sina, nina daftari la madeni na risiti za jumla kwenye mfuko wa rambo. Kaka yangu alinifundisha niorodheshe mali na madeni mwanzo wa mwaka na mwisho wa mwaka, halafu nitoe.

Tarehe 1 Januari 2024: bidhaa dukani 6,200,000, pesa mkononi na kwenye simu 850,000, wateja wananidai, samahani, nawadai 400,000, friji 900,000. Jumla 8,350,000. Nadaiwa na muuzaji wa jumla 1,150,000. Inabaki 7,200,000.

Tarehe 31 Desemba 2024: bidhaa 8,100,000, pesa 620,000, nawadai wateja 1,050,000, friji 900,000. Jumla 10,670,000. Nadaiwa na wa jumla 1,700,000 na kikoba 600,000. Inabaki 8,370,000.

Tofauti ni 1,170,000. Ndiyo faida ya mwaka? Si heri niwe mlinzi wa geti?

#2 Kijiwe_cha_Kahawa

Karibu kwenye ukoo wetu, dada. Duka la rejareja ni kazi ya kuhamisha sukari kutoka gunia kwenda mfuko wa nusu kilo. Faida anaila wa jumla.

#3 chuma_ulete

Mimi nahisi kuna mkono hapo. Dukani unakaa mwenyewe au kuna kijana?

#4 Mzee_wa_Daftari

Kabla ya kumtafuta mwizi, dada tujibu mambo mawili. Kwanza, mwaka mzima mlikula nini nyumbani na ada ililipwa na nani? Pili, kuna pesa yoyote iliyoingia dukani kutoka nje ya duka?

Hiyo 1,170,000 ni nyongeza ya mtaji, bado si faida. Faida ikishapatikana dukani, wewe mwenyewe unaimega kila siku. Kilichomegwa hakionekani kwenye orodha ya Desemba kwa sababu kimeshaliwa. Lazima ukirudishe kwenye hesabu. Na ukiwa umetia pesa yako mpya, mtaji utakuwa umekua bila duka kufanya kazi yoyote, kwa hiyo hiyo unaitoa.

Faida = mtaji wa mwisho + ulichochukua − ulichoongeza − mtaji wa mwanzo

#5 MamaWawili_Moro

Asante mzee. Kila siku ninayofungua duka natoa 10,000 ya nyumbani. Jumapili sifungui. Ada ya watoto nimelipa 800,000 kutoka droo ya duka. Mchele, mafuta, sabuni nachukua dukani, sijawahi kuandika, labda 60,000 kwa mwezi.

Iliyoingia: kaka yangu wa Mwanza alinitumia milioni moja mwezi wa sita, nikaongeza bidhaa. Halafu nilikopa kikoba 1,500,000, yote ikaingia dukani, narejesha kidogo kidogo, zimebaki hizo 600,000.

@chuma_ulete kijana yupo, mtoto wa jirani. Mimi nashinda dukani ila mchana naenda kupika.

#6 binti_wa_jumla

Ngoja nipige haraka. Elfu kumi kwa siku 26 za mwezi, miezi 12, ni 3,120,000. Ada 800,000. Bidhaa za nyumbani 720,000. Umechukua 4,640,000.

Ulichoongeza: kaka 1,000,000 na kikoba 1,500,000, jumla 2,500,000.

8,370,000 + 4,640,000 − 2,500,000 − 7,200,000 = 3,310,000. Dada una faida karibu mara tatu ya uliyodhani, acha kulia.

#7 Mzee_wa_Daftari

Njia ni yenyewe, @binti_wa_jumla, ila kikoba umemkata mara mbili. Mkopo si mtaji wake, ni deni. Siku 1,500,000 zilipoingia, bidhaa ziliongezeka kwa kiasi hicho na deni likaongezeka kwa kiasi hichohicho, mtaji haukusogea. Alichorejesha, 900,000, kimetoka kwenye droo, na bakaa ya 600,000 tayari iko upande wa madeni ya Desemba. Mkopo umeshajimaliza wenyewe ndani ya orodha. Na riba aliyolipa kikoba imetoka dukani, nayo imeshapunguza mtaji wa mwisho bila kuigusa.

Pesa ya kaka ndiyo ya kutoa, kama ni zawadi. Kama kaka anaidai, basi iende kwenye madeni na isitolewe hapa. Dada, kaka anaidai?

#8 MamaWawili_Moro

Hapana, alisema nijisaidie.

#9 Mzee_wa_Daftari

Basi: 8,370,000 + 4,640,000 − 1,000,000 − 7,200,000 = 4,810,000.

Ila usiishangilie bado. Sijaipenda hiyo bidhaa ya 8,100,000. Wadaiwa wameongezeka, deni la wa jumla limeongezeka, pesa mkononi imepungua, halafu stoki inapanda kwa karibu milioni mbili? Inawezekana, lakini nieleze mlihesabuje.

#10 Kijiwe_cha_Kahawa

Nawashangaa mnaogeuza mshahara wake kuwa faida. Hiyo elfu kumi kwa siku ni ujira wa kukaa dukani kuanzia alfajiri. Angemwajiri mtu angemlipa. Ni gharama ya duka kama pango lilivyo gharama. Toa 3,120,000 hapo uone faida halisi.

#11 mpita_njia_Tanga

Wazo la @Kijiwe lina mantiki, mimi nimesoma biashara kidato cha nne, mshahara ni matumizi.

#12 Mzee_wa_Daftari

Mshahara wa kijana ni matumizi. Mwenye duka la mtu mmoja hajiajiri. Anachochukua ni kugawana faida na mtaji wake mwenyewe, kiwe cha kila siku au cha mwisho wa mwezi. Mngekuwa kampuni tungeongea mengine.

Ila swali la Kijiwe ni zuri ukiliweka mahali pake. Ukitaka kujua kama duka linakufaa kuliko kuajiriwa, pata faida kwanza, kisha ilinganishe na mshahara ambao ungepata kwingine. Hilo ni swali la pili. Usiliingize ndani ya hesabu ya kwanza, utapoteza yote mawili.

#13 Kijiwe_cha_Kahawa

Mzee, tumekubaliana kutokubaliana. Mtu anayefanya kazi saa 14 bila mshahara halafu anaambiwa ana faida, mimi simwelewi.

#14 MamaWawili_Moro

Samahani nilikuwa dukani. @Mzee, Januari kaka ndiye alihesabu, alitumia risiti za jumla. Desemba alihesabu kijana, alikuwa anasoma bei kwenye karatasi tuliyobandika ukutani.

#15 Mzee_wa_Daftari

Karatasi ya ukutani ni bei ya kuuzia.

Hapo ndipo hesabu nyingi za namna hii zinapofia. Januari umethamini kwa bei ya kununulia, Desemba kwa bei ya kuuzia. Umeweka ndani ya mtaji faida ya vitu ambavyo hujaviuza. Kwa kawaida unaongeza kiasi gani juu ya bei ya kununua?

#16 MamaWawili_Moro

Cha elfu moja nauza 1,200. Siyo vyote, lakini nakadiria hivyo.

#17 mpita_njia_Tanga

Hiyo ni asilimia 20. Toa asilimia 20 kwenye 8,100,000 inabaki 6,480,000.

#18 binti_wa_jumla

Si hivyo mwanangu. Anaongeza 20 juu ya bei ya kununua. Ukitoka 1,200 kurudi 1,000 umepunguza 200, ambayo ni moja ya sita ya 1,200. Ukitoa asilimia 20 ya 1,200 utafika 960. Unagawanya kwa 1.2. Ni 6,750,000.

Hili nalijua kwa vile hapa jumla wateja wetu wengi wanalikosea kila wiki, halafu wanatulaumu eti bei imewaua.

#19 Mzee_wa_Daftari

Sahihi kabisa. Bidhaa zinashuka kwa 1,350,000, na faida inashuka kwa kiasi hichohicho.

Tumalizie na mengine mawili. Daftari la madeni limetoka 400,000 kwenda 1,050,000. Dada, lipitie jina kwa jina. Waliohama mtaa au waliozima simu tangu Pasaka si mali tena. Na friji haiwezi kuwa na thamani ileile miaka yote.

#20 MamaWawili_Moro

Nimelipitia usiku. Kuna kama 250,000 ambazo moyoni nimeshazisamehe. Friji fundi anasema leo naweza kuiuza 750,000.

#21 Mzee_wa_Daftari

Basi toa 1,350,000, toa 250,000, toa 150,000 kutoka mtaji wa mwisho. 8,370,000 inakuwa 6,620,000.

6,620,000 + 4,640,000 − 1,000,000 − 7,200,000 = 3,060,000.

Ndiyo faida yako kwa makadirio ya sasa, kama 255,000 kwa mwezi. Na sasa tazama kitu kingine ambacho hesabu ya kwanza ilikificha. Umepata 3,060,000 ila umechukua 4,640,000. Umekula 1,580,000 zaidi ya ulichozalisha. Milioni ya kaka imeziba sehemu, iliyobaki, 580,000, imetoka kwenye mtaji wako. Umeanza na 7,200,000, umemaliza na 6,620,000. Uliona mtaji umekua kwa sababu ya karatasi ya ukutani.

#22 chuma_ulete

Mnazunguka. Mimi niliwahi kuwa na duka la vipodozi, kila Desemba hesabu ilikuwa nzuri mezani na droo tupu. Kumbe binti niliyemweka alikuwa anauza vyake ndani ya duka langu: ananunua kwa wa jumla, anaweka kwenye rafu yangu, wateja wakilipa anaweka mfukoni. Stoki yangu haikupungua hata kidogo! Mtu kama huyo hiyo njia yenu ya mwanzo na mwisho itamkamata vipi?

#23 binti_wa_jumla

Haimkamati. Inakwambia duka limebaki na nini, haikwambii kwa nini. Wizi, maharage yaliyooza na mauzo mabaya vinatokea kwenye namba ileile moja. Faida ya 3,060,000 imeshatolewa wizi, kama upo.

#24 Mzee_wa_Daftari

Nakubaliana nawe. Ukitaka kunusa wizi lazima uwe na njia ya pili ya kufikia faida, kisha uzilinganishe. Dada, kwa siku unauza kiasi gani? Na pango, kijana, umeme?

#25 MamaWawili_Moro

Mauzo nakisia 140,000 kwa siku. Pango 100,000 kwa mwezi, kijana 100,000 kwa mwezi. Umeme, leseni, kodi na usafi vyote kwa mwaka kama 600,000 hivi.

#26 mpita_njia_Tanga

Nimepiga. 140,000 kwa siku 312 ni 43,680,000. Moja ya sita ni 7,280,000. Toa gharama 3,000,000, toa madeni mabovu na uchakavu wa friji 400,000. Ilipaswa kuwa 3,880,000. Tumepata 3,060,000. Zimepotea 820,000!

(Safari hii nimetumia moja ya sita, asante @binti.)

#27 chuma_ulete

Nilisema toka #3. Laki nane zimekwenda na kijana wa mchana.

#28 mama_ntilie_mstaafu

Acheni kumsingizia mtoto wa watu. Familia ya watoto wawili inakula, inafua, inaoga kwa 60,000 kwa mwezi? Mimi nimeendesha jiko miaka mingi, hiyo haiwezekani. Sukari pekee na mafuta ya kula vinamaliza hiyo. Dada anachukua zaidi ya anavyodhani, kila jioni kipaketi kimoja hiki na kile. Ukiweka 120,000 kwa mwezi, 720,000 zinarudi kwenye faida na pengo limebaki dogo sana.

Na hivyo vitu anavihesabu kwa bei gani? Vya kula nyumbani viandikwe kwa bei ya kununulia, hujamuuzia mtu.

#29 Mzee_wa_Daftari

Mama amepiga penyewe. Kila shilingi ya nyumbani isiyoandikwa inapunguza faida kwenye karatasi na kumtia kijana hatiani bila kosa.

Ila kuna jambo jingine. Ile asilimia 20 ni kisio, na tumeitumia mahali pawili: kushusha thamani ya bidhaa za Desemba, na kukisia faida ya mauzo. Ikiwa kwa kweli anaongeza 17.5 (unga na sukari haviongezwi 20, kila mwenye duka anajua), bidhaa za Desemba zinakuwa karibu 6,894,000, faida ya njia ya mwanzo inapanda hadi karibu 3,204,000. Kwenye njia ya mauzo faida inashuka hadi karibu 3,105,000. Pengo lote la 820,000 limeyeyuka, hata njia ya mauzo imezidiwa kidogo. Ukisukuma hadi 15, duka linaonekana limepata zaidi ya milioni moja juu ya ilivyopaswa, jambo ambalo halina maana.

Yaani asilimia mbili na nusu za kisio zinatosha kuzaa mwizi au kumfuta. Na mauzo ya 140,000 nayo ni kisio.

#30 chuma_ulete

Mzee una huruma sana. Mwizi halisi anafurahi sana akisikia neno kisio.

#31 msomi_wa_usiku

Mada nzuri. Njia hii ndiyo hutumiwa na wapelelezi wa kodi Marekani kwa watu wasio na vitabu vya kuaminika. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu yao iliamua kesi ya Holland, mume na mke wenye hoteli. Serikali ilionyesha mali zao zimekua kuliko kipato walichotangaza. Wao wakajitetea kuwa orodha ya mwanzo ya serikali haikuweka hisa na pesa taslimu walizokuwa wamezificha tangu zamani. Ukiongeza mali ya mwanzo, ukuaji unapungua na kipato kinapungua. Mahakama haikuwakubalia, ila ikasema serikali lazima ithibitishe orodha ya mwanzo kwa uhakika wa kutosha na ifuatilie maelezo ya mtuhumiwa yanayoweza kuchunguzwa.

Kwa hiyo dada, swali langu ni moja: Januari hukuwa na pesa nyingine mahali? Au deni lililosahauliwa?

#32 Kijiwe_cha_Kahawa

Sasa tumetoka Kihonda tumefika Marekani. Uzi huu unahitaji viza.

#33 MamaWawili_Moro

😂 @msomi, hapo umenigusa. Januari 2024 kulikuwa na kreti za soda nilizochukua kwa mali kauli kwa mtu wa gari. Kama 300,000. Kaka hakuziweka kwenye madeni kwa sababu hazikuwa na risiti. Nilimlipa Februari. Lakini soda zenyewe zilihesabiwa dukani.

#34 msomi_wa_usiku

Basi mtaji wa mwanzo ulikuwa 6,900,000, si 7,200,000. Faida inapanda kwa 300,000, inafika 3,360,000 kwa kisio cha 20.

#35 mpita_njia_Tanga

Subiri, deni likiongezeka faida inapanda? Hiyo inanichanganya.

#36 binti_wa_jumla

Deni la mwanzo, ndiyo. Alianza akiwa maskini zaidi ya alivyodhani na akamaliza palepale, kwa hiyo katikati alizalisha zaidi. Hizo 300,000 alizolipa Februari zilitoka kwenye kazi ya mwaka huu. Deni la mwisho likiongezeka ndilo linashusha faida.

#37 Mzee_wa_Daftari

Na pengo la mpita njia sasa ni 520,000. Mama ntilie akiwa sahihi hata nusu kwenye chakula, linabaki 160,000. Mimi hapo simwiti mtu mwizi. Chuma atakataa, najua.

#38 chuma_ulete

Nakataa. Mweke kijana likizo mwezi mmoja, uone mauzo.

#39 bodaboda_wa_Msamvu

Samahani kuingilia. Hizi hesabu naweza kuwapelekea TRA ili wapunguze kodi? Mimi nina genge pia.

#40 binti_wa_jumla

Kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo inaangalia mauzo ya mwaka, si faida. Faida ikiwa ndogo haitakusaidia hapo. Kinachokusaidia ni kuandika mauzo yako kila siku, ili asikukadirie mtu mwingine.

#41 mama_ntilie_mstaafu

Dada, vipi kuhusu hisa za kikoba? Kila wiki unaweka hisa, pesa inatoka wapi?

#42 MamaWawili_Moro

5,000 kila wiki kutoka droo. Nilidhani si za duka.

#43 Mzee_wa_Daftari

Wiki 52, ni 260,000. Hazimo kwenye ulichochukua wala kwenye mali za Desemba, kwa hiyo zimepotea njiani na kupunguza faida. Chagua upande mmoja: ama uziandike kama ulizochukua, ama uweke hisa kwenye mali za duka. Usiweke pande zote mbili. Mimi ningeziandika kama ulizochukua, hisa ni zako hata duka likifungwa.

#44 msomi_wa_usiku

Mimi ningeziweka kwenye mali, maana ukopaji wa duka unategemea hizo hisa. Faida inatoka ileile, 3,620,000, ila picha ya mtaji inabadilika.

#45 Kijiwe_cha_Kahawa

Kutoka 1.17 tukapanda 4.81, tukashuka 3.06, sasa 3.62. Bado hamjamlipa mshahara.

#46 MamaWawili_Moro

Kesho Jumapili sifungui. Nitahesabu upya mwenyewe na risiti za jumla mkononi, bidhaa kwa bidhaa, kijana anasoma idadi mimi naandika bei ya kununulia. Na nimenunua daftari jipya la vitu vya nyumbani, nimelifunga kwa kamba kwenye mguu wa kaunta.

#47 chuma_ulete

Ukihesabu na kijana huyohuyo, zile katoni za juu fungua uangalie ndani.

#48 binti_wa_jumla

Hilo kwa mara ya kwanza nakubaliana na Chuma. Na dada, ukihesabu kesho kwa ajili ya orodha ya 31 Desemba, ongeza vilivyouzwa tangu siku hiyo na utoe ulivyopokea. Vinginevyo utakuwa unahesabu duka la kesho.

#49 bodaboda_wa_Msamvu

Na genge la nyanya? Stoki yangu inaoza ndani ya siku tatu.

#50 Mzee_wa_Daftari

Fungua uzi wako kijana, nitakuja. Nyanya zina mambo yake.